Asilimia 91 "wanaishi tunu", mbona malalamiko ya wateja hayaishi?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni ofisa rasilimali watu katika taasisi ya mikopo midogo hapa Dar es Salaam. Tuko wafanyakazi 118 na matawi saba, matatu Dar na manne mikoani. Tunu zetu ni Mteja Kwanza, Uwazi na Heshima. Ziko ukutani, kwenye fulana na kwenye matangazo yetu ya redio. Mwaka jana tulipitisha dodoso na asilimia 91 walikubali kwamba "ninaziishi tunu za kampuni". Lakini malalamiko ya wateja hayaishi na maofisa mikopo wanaacha kazi. Mkurugenzi anataka turudie dodoso, safari hii bila majina. Nifanyeje watu waseme kweli, na nitajuaje kama tunachotangaza ndicho kinachofanyika?

Jibu: Nzuri, dada. Anza kwa kuliweka kabatini dodoso la mwaka jana, maana hata ukilirudia bila majina utapata asilimia 88 au 93 na hutajua zaidi ya unavyojua leo. Ukimuuliza mtu kama anaziishi tunu za mwajiri wake, umemuuliza kama yeye ni mfanyakazi mwema. Atasema ndiyo, na wengi watasema hivyo kwa moyo mweupe. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walikusanya matamko ya tunu ya kampuni kubwa zaidi ya 500, wakayapambanisha na maoni ambayo wafanyakazi walikuwa wameyaandika bila majina kwenye tovuti ya Glassdoor. Tunu ambazo kampuni ilizipigia debe hazikuwa na uhusiano na namna wafanyakazi walivyoiona kampuni hiyo ikizitekeleza. Kwa hiyo tamko la ukutani halikupi dokezo lolote, wala swali linalorudia maneno ya tamko hilo.

Unachotafuta kiko mahali ambapo tunu inagongana na tageti. Ofisa mikopo hana ugomvi na Uwazi tarehe 3 ya mwezi. Ugomvi unakuja tarehe 28, tageti yake ni wakopaji 25, amefikisha 21, na mbele yake ameketi mama lishe ambaye akitajiwa jumla atakayorudisha huenda akabeba mkoba wake akaondoka. Hapo ofisa anasema, "Riba ni tatu na nusu tu, mama," naye mama anaweka dole gumba. Mkopo ni shilingi 500,000 kwa miezi sita, riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi ikipigwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho. Riba ni 105,000, jumla ya kurudisha ni 605,000. Ada ya maombi 15,000 na bima 10,000 zinakatwa palepale, kwa hiyo mama anatoka na 475,000 mkononi. Hakuna neno la uongo lililosemwa, lakini mama hajui kwamba atarudisha 130,000 zaidi ya alizopokea. Dodoso lako lazima lifike kwenye kiti hicho.

Basi chukua kila tunu na utafute tukio moja au mawili ambayo mtu aliyesimama karibu anaweza kuyaona kwa macho. Kwa Uwazi andika hivi: "Katika miezi mitatu iliyopita, wateja waliokopa kwenye tawi lako waliambiwa jumla ya shilingi watakazorudisha kabla ya kusaini?" Majibu yawe: karibu kila mara, mara nyingi, mara chache, karibu hakuna, na sipo kwenye nafasi ya kuona. Hilo la mwisho usilisahau, kwa sababu dereva na mhasibu wa makao makuu hawakai kwenye meza ya mkopo, na ukiwalazimisha kujibu watakupa kile walichokisikia kwenye semina. Kwa Mteja Kwanza: "Umeona mteja akipewa mkopo unaozidi uwezo wake wa kurejesha ili tawi lifikishe tageti?" Kwa Heshima: "Umeona jina au picha ya mdaiwa ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp, au mdaiwa akifokewa mbele ya wanakikundi wenzake?" Heshima ina upande wa ndani pia. Kama kwenye matawi yenu majina ya waliokosa tageti yanasomwa kwa sauti kwenye kikao cha asubuhi, uliza hilo nalo.

Utaona kwamba maswali yote yanauliza mtu ameona nini, hayaulizi yeye amefanya nini. Hilo ni la makusudi. Ukimuuliza ofisa kama amewahi kumficha mteja jumla ya deni, unamtaka akiri kosa linaloweza kumfukuzisha kazi, na karatasi isiyo na jina haitoshi kumtuliza. Ukimuuliza ameona nini, anakuwa shahidi. Tena mengine tayarisha kwa upande wa jema na mengine kwa upande wa ubaya, ili yule anayeteremka na "ndiyo, ndiyo, ndiyo" bila kusoma ajipinge mwenyewe na umtambue. Muda nao uutaje. "Miezi mitatu iliyopita" inamfanya mtu akumbuke watu na siku. "Kwa kawaida" inamrudisha kwenye fulana.

Sasa ongeza swali moja ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko mengine yote: "Ofisa wa tawi lako akikataa kutoa mkopo anaoona utamuumiza mteja, na tawi likakosa tageti kwa sababu hiyo, unadhani nini kitampata?" Majibu: atapongezwa, hakitatokea kitu, atasemwa, atakatwa bonasi, atahamishwa au atapoteza kazi, sijui. Mfanyakazi huenda hajawahi kuona kosa lenyewe, lakini anajua vizuri sana ni nani aliyepandishwa cheo na ni nani aliyepelekwa tawi la mbali.

Mfano wa kampuni ya ndege za Boeing unaonyesha kwa nini nalisisitiza swali hilo. Usalama na uadilifu vimo kwenye tunu walizokuwa wakizitangaza. Mwaka 2016 kampuni iliwauliza kwa dodoso la ndani wahandisi wake waliopewa jukumu la kukagua kazi kwa niaba ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Kati ya waliojibu, asilimia 39 walisema wanaona dalili za shinikizo lisilofaa katika kazi hiyo, na asilimia 29 walisema wana wasiwasi juu ya yatakayowapata wakiliripoti. Matokeo hayo yaliibuka hadharani mwaka 2020 kupitia uchunguzi wa kamati ya Bunge la Marekani, baada ya ndege mbili za 737 MAX kuanguka. Moja ni ile ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi tarehe 10 Machi 2019, ikaua watu wote 157. Sisemi dodoso lile liliihusu ndege hiyo moja kwa moja. Ninachotaka uone ni kwamba wahandisi waliulizwa kwa namna iliyowawezesha kusema, wakasema, na ile asilimia 29 ndiyo iliyoeleza kwa nini asilimia 39 isingejitokeza yenyewe kwenye vikao vya kawaida.

Maswali tisa au kumi yanatosha. Yajibike kwa dakika tano kwenye simu, kwa Kiswahili, hata kama fomu zenu nyingine ziko kwa Kiingereza. Kabla ya kuyatuma, wapigie maofisa mikopo wawili au watatu walioacha kazi, wasomee kila swali, kisha waulize wao wangelielewaje. Hawa hawana cha kupoteza, na watakuambia mara moja kwamba "kupewa mkopo unaozidi uwezo" matawini kwenu kuna jina lake ambalo ofisi ya utumishi hailijui. Tumia jina hilo.

Nije kwenye kutojulikana, ambako kwa taasisi ya watu 118 ndiko kwenye kazi kubwa. Kuondoa nafasi ya kuandika jina hakumfichi mtu. Tuseme mmetumia Google Forms na mmiliki wa fomu ni wewe. Kila jibu linapoingia, jedwali la majibu linaandika saa na dakika kwenye safu ya `Timestamp`. Tawi la Morogoro, jibu limeingia saa 4:42 asubuhi, muda ambao wenzake wote walikuwa wametoka kwenda kwenye marejesho ya vikundi. Umeshamjua. Kama umemtumia kila mtu kiungo chake binafsi ili uweze kuwakumbusha wasiojibu, umemjua mapema zaidi. Hiyo ni siri unayomtunzia mtu. Usiiandike kwenye tangazo kuwa ni dodoso lisilo na majina, kwa sababu fundi yeyote wa kompyuta pale ofisini atawaambia wenzake ukweli, na hapo hutapata jibu la maana kwa miaka kadhaa.

Fanya hivi. Fomu imilikiwe na mtu wa nje: mkaguzi, mhadhiri wa chuo, mtu yeyote asiye na bosi ndani ya kampuni yenu. Kwenye mipangilio, `Collect email addresses` iwe `Do not collect`, na `Limit to 1 response` izimwe, kwa sababu ikiwashwa inamtaka mtu aingie kwanza kwa akaunti yake ya Google. Hata kama anwani haihifadhiwi, mfanyakazi anayeona picha yake kwenye kona ya skrini hataamini neno lako. Ni kweli kwamba mtu anaweza kujibu mara mbili. Katika watu 118 hatari hiyo ni ndogo, na ukiona majibu ya maofisa mikopo yamezidi idadi ya maofisa mikopo mlio nao utajua. Kiungo kiwe kimoja kwa wote. Mtu wa nje akishanakili majibu kwenye jedwali jipya la Google Sheets, afute safu ya `Timestamp` na kuzichanganya safu mlalo kwa `Data` kisha `Randomize range` kabla hujaletewa chochote. Walinzi, wahudumu na madereva ambao hawana vifurushi vya intaneti wapewe karatasi za kuweka tiki tu, ziingizwe kwenye boksi lililofungwa na zisombwe na mtu huyohuyo wa nje. Wasiandike kwa mkono, maana mwandiko unajulikana.

Maswali ya "wewe ni nani" yapunguze mpaka yaume. Ukiuliza tawi, jinsia, umri na miaka ya kazi, umemtaja mtu bila jina lake: kwenye tawi la watu kumi na wawili, mwanamke wa zaidi ya miaka 45 aliyekaa miaka sita ni mmoja. Kwako wewe chukua mawili tu, kundi la kazi (ofisa mikopo, uongozi wa tawi, makao makuu, walinzi na wahudumu) na eneo (Dar au mikoani). Najua mkurugenzi atataka tawi kwa tawi. Mnyime. Maofisa mikopo wako wakigawanywa kwa matawi saba ni kama wanane kila tawi, na wanane hao mtu mmoja akibadili jibu, asilimia inaruka kwa pointi 12 na nusu. Hamtakuwa mnapima tawi, mtakuwa mnapima kama mtu fulani aliamka vibaya.

Weka pia kanuni kwamba kundi lenye majibu pungufu ya matano halitolewi kwenye ripoti, na iandike kwenye tangazo la dodoso. Halafu jihadhari na mlango wa nyuma wa kanuni hiyo. Tuseme kuna kitengo chenye majibu tisa, wanaume sita na wanawake watatu. Umeficha wastani wa wanawake kwa sababu ni watatu tu, lakini umechapisha wastani wa kitengo, 3.0, na wa wanaume, 3.5. Mtu mwenye kalamu anazidisha: tisa mara 3.0 ni 27, sita mara 3.5 ni 21, zimebaki 6 kwa wanawake watatu. Wastani wao ni 2.0, na meneja ameshaujua. Ukificha kundi moja, ficha na kaka yake.

Maoni ya kuandika yaweke kwenye fomu ya pili iliyo peke yake, isiyouliza kundi wala eneo. Wanaofichuka mara nyingi hufichuliwa na maneno yao wenyewe: "kama nilivyosema kwenye kikao cha Jumatatu", au ile namna ya kuongea ambayo ofisi nzima inaijua. Mtu wa nje asome maoni yote, ayaandike upya kwa maneno yake na kuyapanga kwa mada. Mkurugenzi apewe mada na asipewe sentensi. Kuna jambo la kisheria hapa pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaangalia kama mtu anaweza kutambulika, kwa hiyo jibu linalofuatilika hadi kwa aliyelitoa ni taarifa binafsi hata kama halina jina. Ukifanya niliyoyaeleza, mzigo huo unapungua sana.

Huenda mtu atakushauri ile mbinu ya kurusha sarafu, iliyobuniwa na mtakwimu Stanley Warner mwaka 1965 na kupewa sura mbalimbali baada yake. Kila mtu anarusha sarafu faraghani. Ikianguka kichwa anajibu "ndiyo" bila kujali, ikianguka upande wa pili anasema kweli. Hakuna atakayejua "ndiyo" yako ni ya sarafu au ya kwako. Ni mbinu nzuri, lakini inataka watu wengi. Kwa watu 80, ukipata "ndiyo" 52, unatoa 40 za sarafu, unabaki na 12 kati ya 40, yaani asilimia 30. Kwa idadi hiyo ndogo, bahati ya sarafu peke yake inaweza kuisogeza asilimia hiyo hadi pointi 20 juu au chini. Jibu la "kati ya 10 na 50" halimsaidii mkurugenzi. Iachie mabenki yenye watu elfu kadhaa.

Majibu yakirudi, usianze na wastani wa kampuni. Anza kwa kutenganisha ngazi. Nikupe hesabu ya mfano kwa taasisi ya ukubwa wenu: maofisa mikopo 58, uongozi wa matawi 14, makao makuu 30, walinzi, madereva na wahudumu 16. Wamejibu 47, 14, 27 na wanne. Hao wanne hawaripotiwi. Kwenye lile swali la kuambiwa jumla ya deni, viongozi wa matawi 12 kati ya 14 wamesema "karibu kila mara", ambayo ni asilimia 86. Maofisa mikopo ni 19 kati ya 47, asilimia 40. Ukichanganya wote na makao makuu, ambao kwa sehemu kubwa hawapo mezani, unapata namba ya katikati isiyomstua mtu. Pengo la 86 na 40 ndilo jibu la swali ulilouliza, na mahali lilipo panakueleza kitu: tunu imefika kwa meneja na haikuvuka meza yake. Mwezi Februari 2024 jopo la wataalamu lililoundwa na mamlaka ya anga ya Marekani kuichunguza Boeing lilikuta jambo la namna hiyohiyo, kwamba viongozi wa juu na wafanyakazi wengine hawakuwa wakiuona utamaduni wa usalama kwa jicho moja. Ukiona tofauti ya ngazi, usihesabu kuwa ni kelele za takwimu.

Mkurugenzi atakuuliza, na ana haki, kuhusu maofisa 11 ambao hawakujibu. Huenda ndio walioridhika, wakaona hawana la kusema. Hilo linajibika bila kubahatisha. Chukulia wote 11 wangesema "karibu kila mara": 30 kati ya 58, asilimia 52. Chukulia hakuna hata mmoja: 19 kati ya 58, asilimia 33. Ukweli uko kati ya 33 na 52, na popote ulipo bado uko mbali na 86. Kama pengo lingetoweka baada ya hesabu hiyo, ungemwambia kwa uaminifu kwamba dodoso halijatoa jibu. Na iangalie kwa makini sehemu ambayo watu hawakujibu. Ikiwa Dar wamejibu asilimia 90 na mikoani 55, kuna kitu mikoani, na aghalabu ni meneja aliyesimama nyuma ya watu wakati wanajaza.

Kisha soma majibu ya lile swali la "nini kitampata" sambamba na mengine. Wakisema wameona makosa mengi lakini anayekataa hapati madhara, tatizo linaweza kuwa mafunzo au fomu mbovu, na dawa yake ni nafuu. Wakisema wameona makosa machache huku wengi wakitaja kukatwa bonasi au kuhamishwa, usishangilie huo uchache. Watu wanaoogopa huona kidogo. "Sijui" zikiwa nyingi nazo ni taarifa: hakuna aliyewahi kujaribu kukataa, au aliyejaribu hakusikika tena.

Hata hivyo dodoso haliamui nani mkweli kati ya meneja na ofisa. Meneja anaweza kusema "waliambiwa" kwa nia njema kabisa, kwa sababu jumla ya 605,000 imechapwa kwenye ukurasa wa tatu wa mkataba. Tafuta shahidi wa tatu. Chukua mafaili 40 ya mikopo ya miezi mitatu hiyohiyo kwa bahati nasibu kutoka matawi yote, mtu wa nje awapigie wakopaji na kuwauliza maswali mawili tu: ulipokea shilingi ngapi mkononi, na siku unasaini ulielewa kwamba utarudisha jumla shilingi ngapi? Mama lishe akijibu "laki tano na kidogo", hahitajiki mtaalamu wa takwimu. Weka matokeo hayo pembeni ya daftari la malalamiko na ya sababu walizotaja walioacha kazi. Vitu vitatu vikielekeza upande mmoja, pengo lipo kweli. Wakopaji wakiwa wanaijua jumla yao vizuri na maofisa peke yao ndio wanaolalamika, basi huenda chuki iko kwenye bonasi, na Uwazi wenu si mbaya kama dodoso lilivyodokeza.

Kuna mazungumzo na mkurugenzi ambayo yanatakiwa kufanyika kabla kiungo hakijatumwa. Umesema anataka kurudia dodoso. Muulize kwa upole anataka kujua, au anataka namba ya kuweka kwenye taarifa ya mwaka na kwenye redio. Kama ni la pili, usitumie maswali haya, maana yatampa asichokitaka na watakaoumia ni waliojibu. Kama ni la kwanza, mwombe akubali mambo mawili kwa maandishi. Mosi, matokeo yatasomwa kwa wafanyakazi wote ndani ya wiki mbili baada ya dodoso kufungwa, pamoja na maswali yaliyotoka vibaya. Pili, hakuna atakayeuliza nani kaandika nini, kuanzia yeye mwenyewe. Akiuliza hilo mara moja tu kwenye kikao cha mameneja, litafika Mbeya kabla hujarudi mezani kwako.

Na akishaona 86 na 40, atataka kuwafundisha maofisa tunu upya. Mwelekeze kwenye tageti. Ofisa anaficha jumla ya deni kwa sababu bonasi inahesabu wakopaji wapya na haihesabu kingine. Jaribuni jambo dogo kwenye matawi matatu ya Dar: karatasi moja ya mbele ya mkataba, herufi kubwa, mistari miwili, "utapokea 475,000" na "utarudisha 605,000", mteja aweke dole hapo kwanza, na mkopo usio na karatasi hiyo usihesabiwe kwenye tageti. Baada ya miezi sita rudieni maswali yaleyale bila kubadilisha hata neno, Dar na mikoani, na angalia kwanza jibu la "nini kitampata". Hilo likiwa halijasogea, hata kama mengine yamepanda, watu wamejifunza kujibu dodoso lako.